Jina la Ndoa Lianzie NIDA, Siyo Benki

Kila mwaka, msimu wa harusi ukipita, wake wapya huenda benki wakiwa na cheti cha ndoa mkononi wakaomba akaunti yao isomeke kwa jina la mume. Wengi hurudishwa. Karani hana ubaya nao, wala cheti si cha kughushi. Tatizo ni kwamba wameanzia mwisho wa safari.

Tuseme kuna mwalimu, tumwite Neema Daudi Massawe. Ameolewa na anataka sasa aitwe Neema Daudi Mwakalinga. Uhamisho wa kumfuata mume umemtoa Moshi ukampeleka Mbeya, na laini yake ya zamani ameiacha kwa sababu huko aliko mtandao wake haushiki vizuri. Kwa mkupuo mmoja ana jina jipya, namba mpya na anwani mpya. Akaunti yake benki inamjua kwa vile vya zamani vyote vitatu.

Neema akifika dirishani, karani atamwambia aweke kidole kwenye kile kifaa kidogo cha kusoma alama. Hapo mtambo wa benki unauliza kanzidata ya NIDA, na jibu linaloletwa ni picha yake na jina lililoandikwa huko: Massawe. Karani hawezi kuandika Mwakalinga wakati kioo kinamwambia Massawe. Sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti fedha haramu inaitaka benki imtambue mteja wake kwa nyaraka na taarifa za kuaminika, na kwa Mtanzania taarifa hizo siku hizi ni zile za NIDA. Hata kama karani mmoja angekubali kwa huruma, kesho Neema angekwama dirisha jingine, kwa kuwa kadi ya benki na kitambulisho vingetaja watu wawili.

Kwa hiyo safari inaanzia ofisi ya NIDA ya wilaya. Huko ndiko cheti cha ndoa kinakofanya kazi yake ya kwanza, na hapa lazima nieleze ni cheti gani, kwa sababu wengi hukosea. Kanisani au msikitini mtu anaweza kupewa karatasi nzuri yenye mapambo na saini ya mchungaji au shehe. Hiyo ni kumbukumbu ya ibada. Kinachotakiwa ni cheti cha serikali, kile chenye namba ya mfululizo, ambacho mfungishaji ndoa mwenye leseni hukijaza na ambacho taarifa zake hupelekwa kwa Msajili wa Ndoa aliye chini ya RITA. Waliofunga ndoa ya kimila na hawana karatasi yoyote waisajili kwanza, na ofisi ya Mkuu wa Wilaya ni mahali pa kuanzia kuuliza. Bila usajili huo, jina la mume halina pa kushika.

Kabla Neema hajatoka nyumbani, akae na cheti hicho na kitambulisho chake avisome herufi kwa herufi. Siku ya harusi majina huandikwa haraka haraka, na mwandishi huandika anavyosikia: Masawe kwa s moja, Neema bila jina la baba, au mwaka wa kuzaliwa uliopotoka. Tofauti ndogo namna hii ndiyo inayorudisha watu wengi. Dawa yake ni hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya wakili au hakimu, ambamo mwenyewe anatamka kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukiigundua tofauti nyumbani, unakwenda na kiapo tayari. Ukiigundulia dirishani, umepoteza nauli.

Kiapo hicho kisichanganywe na hati ya kubadili jina. Kiapo kinasema majina mawili ni ya mtu yule yule. Hati ya kubadili jina inatangaza kwamba jina la zamani limeachwa na jipya limeshikwa. Huandaliwa na wakili, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati katika wizara inayoshughulikia ardhi. Anayebadili dini ili aolewe, aliyekuwa Neema akawa Naima, ataihitaji bila shaka, kwa kuwa cheti cha ndoa hakielezi jina la kwanza lilibadilikaje. Anayechukua ukoo wa mume tu pia asishangae akiambiwa aje nayo pamoja na cheti. Aulize kabla ya kufunga safari, na hati hiyo iwe imesajiliwa; yenye mhuri wa wakili peke yake inaweza kukataliwa.

Namba ya NIDA yenyewe haibadiliki. Zile tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na ndoa haimfanyi mtu azaliwe upya. Jina juu yake ndilo linalobadilika, na namba inabaki kuwa kamba inayounganisha Massawe wa jana na Mwakalinga wa leo katika kila ofisi atakayokwenda.

Taarifa za NIDA zikishabadilika, Neema aende duka la kampuni ya simu kabla ya benki. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, jina la laini, na kwa hiyo jina la pesa za simu, linatoka NIDA. Lakini halijibadilishi lenyewe. Laini iliyosajiliwa jina likiwa Massawe itaendelea kusema Massawe kila anayemtumia pesa anapothibitisha muamala, mpaka aweke kidole upya dukani.

Hapo sasa aende benki. Achukue kitambulisho kipya, cheti cha ndoa halisi na kivuli chake, hati ya kiapo au ya kubadili jina kama ipo, picha ndogo, kadi ya benki ya zamani na kitabu cha hundi kama anacho. Karani atalinganisha nakala na halisi, kisha atampa fomu ya kubadilisha taarifa za mteja. Akibadili jina hubadili na saini mara nyingi, kwa hiyo ataombwa saini ya zamani ili benki ijue ni yeye, na saini mpya itakayofananishwa kuanzia sasa. Saini ya zamani iwe ile ile aliyofungulia akaunti, hata kama ameisahau kwa miaka. Aijaribu nyumbani kwanza.

Kwa mtumishi wa serikali kama Neema kuna jambo la kutanguliza. Mshahara unafuata orodha ya mwajiri, na orodha hiyo ina jina, cheki namba na akaunti. Jina la akaunti likibadilika huku orodha ikisoma la zamani, mshahara unaweza kurudi ulikotoka. Apeleke nakala zake kwa afisa utumishi wa halmashauri, na abadili benki mwanzoni mwa mwezi baada ya mshahara kuingia, ili pande zote mbili zipate muda wa kukutana kabla ya mshahara unaofuata.

Naomba niseme wazi jambo moja, maana wapo wanawake wanaoambiwa vingine nyumbani na hata ofisini. Hakuna sheria inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Waislamu wengi wa pwani huliacha jina la baba lilivyo, na ndoa zao ni kamili. Na anayelibadili bado akaunti ni yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mke au mume. Kwa akaunti yake binafsi Neema hahitaji kuja na mume wala barua ya ruhusa, na akidaiwa hivyo ana haki ya kuomba kuonana na meneja wa tawi.

Jina linachukua siku nyingi, lakini namba ya simu ndiyo yenye hatari. Laini iliyoachwa miezi kadhaa bila kutumika hufungwa na kampuni, na baadaye huuzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo hana hatia yoyote, ila ujumbe wa benki unaoonyesha salio la Neema utaanza kumfikia yeye, na pamoja nao namba za uthibitisho zinazofungua huduma za benki. Akiwa mwaminifu atapuuza. Asipokuwa mwaminifu, ameshapewa nusu ya ufunguo.

Ndiyo maana benki haikubali kubadili namba kwa kupigiwa simu kutoka kwenye namba mpya. Neema lazima afike mwenyewe na kitambulisho. Tawi la Mbeya linatosha. Si lazima arudi Moshi alikofungulia. Jambo la kushika ni kwamba ndani ya benki namba ya simu mara nyingi imeandikwa zaidi ya sehemu moja: kwenye taarifa za mteja, kwenye huduma ya simu, na kwenye huduma ya ujumbe wa miamala. Karani mwenye foleni ndefu anaweza kubadili ya kwanza akasahau nyingine. Amwombe kwa maneno kabisa: namba ya zamani iondolewe kila huduma. Kisha kabla ya kutoka mlangoni aweke au atoe kiasi kidogo, asubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mpya. Usipoingia, kazi haijaisha, arudi dirishani.

Laini ya zamani asiitupe kwanza. Aiweke hewani mpaka benki, pesa za simu, mwajiri na bima vyote vimehamia kwenye mpya, kisha aifute dukani kwa jina lake. Kwa kupiga *106# ataona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aipeleke kampuni husika ifutwe.

Anwani ndiyo nyepesi. Neema atakwenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikohamia, apate barua ya utambulisho yenye picha yake na mhuri uliopita juu ya picha. Iwe na namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi ya tarakimu tano ya kata, vile vibao vya anwani za makazi vinavyoonyesha. Barua inayosema tu “mkazi wa mtaa wangu” huweza kukataliwa. Aichukue siku chache kabla ya kwenda benki, kwa kuwa barua iliyokaa miezi huhesabika imechakaa.

Aangalie pia sanduku la posta lililo kwenye faili lake. Walimu wengi hufungua akaunti kwa sanduku la shule ya kwanza. Wakihama, barua za benki zinaendelea kwenda shule ile, zinafunguliwa na yeyote aliyepo ofisini. Kama hana sanduku lake, aandike la kituo kipya.