Riba Tajwa na Riba Halisi

Riba inayoandikwa kwenye mkataba wa benki ni riba tajwa. Hiyo huhesabu shilingi tu: aliyeweka amana ya muda maalumu ya shilingi 1,000,000 kwa asilimia 9 atapokea 1,090,000 mwaka ukiisha, bei sokoni zipande au zishuke. Riba halisi hupima uwezo wa fedha hizo kununua vitu umeongezeka kwa kiasi gani.

Tuseme kilo ya mchele leo ni shilingi 2,500, na bei zinatarajiwa kupanda kwa asilimia 4 kwa mwaka. Milioni moja leo inanunua kilo 400. Baada ya mwaka kilo itauzwa 2,600, na zile 1,090,000 zitanunua kilo 419 na ushei. Mwenye amana ameongeza kilo 19, sawa na asilimia 4.8. Hiyo ndiyo riba yake halisi.

Watu wengi hutoa tu 4 katika 9 wakapata 5. Njia hiyo ya mkato inatosha mfumuko ukiwa mdogo, lakini huzidisha kidogo, kwa sababu riba yenyewe nayo hutumika kununua vitu kwa bei mpya. Kanuni kamili, inayohusishwa na mwanauchumi wa Marekani Irving Fisher, hugawanya badala ya kutoa: 1.09 ÷ 1.04 = 1.048. Mfumuko ukiwa mkubwa, pengo halifichiki. Kwa riba ya asilimia 60 na mfumuko wa 50, kutoa kunaleta 10, ilhali jibu sahihi ni 6.7.

Ugumu hasa hauko kwenye hesabu. Mkataba husainiwa leo, na mfumuko wa mwaka ujao haujulikani, hivyo kinachotumika ni makadirio. Wengi huanzia kwenye takwimu za karibuni, au kwenye lengo la Benki Kuu, ambalo kwa Tanzania ni asilimia 3 hadi 5. Makadirio yakikosea, kuna anayeumia na anayenufaika. Bei zikipanda kwa asilimia 12 badala ya 4, mchele utafika 2,800 na amana ile itanunua kilo 389 tu, pungufu ya zile 400 za mwanzo. Riba halisi imekuwa hasi, kama asilimia 2.7 chini ya sifuri, ingawa taarifa ya benki bado inaonyesha faida ya shilingi 90,000. Aliyekopa kwa riba hiyohiyo isiyobadilika ndiye aliyepata nafuu: analipa deni kwa shilingi zilizopungua thamani.

Kodi nayo haijali mfumuko. Kodi ya zuio ya asilimia 10 hukatwa kwenye 90,000 zote, zikabaki 81,000. Kwa mfumuko uliotarajiwa wa asilimia 4, hesabu inakuwa 1.081 ÷ 1.04, na riba halisi inashuka hadi asilimia 3.9.