Aya Moja Mbele ya Mhakiki

Mhakiki anayesomea mfadhili maandiko ya utafiti huanza na muhtasari, na kila namba anayoiona humo huitafutia mwenzake. Ratiba ya miezi 18 lazima ionekane kwenye kazi, na kazi ionekane kwenye fedha. Hapo ndipo maandiko mengi mazuri yanapoangukia.

Tuchukue andiko la kubuni kuhusu mwani wa Zanzibar. Kotonii, aina yenye bei nzuri kuliko spinosamu, huugua na kuoza maji ya pwani yanapopata joto kali. Mtafiti anataka kujua kama kina kirefu kitaunusuru. Rasimu yake ya kwanza ilisema lengo ni "kuinua maisha ya wakulima wa mwani". Hilo ni tumaini jema, lakini halipimiki kwa kamba na mizani. Baada ya kuandika upya, aya ikawa hivi:

"Tunauliza kama kotonii inayopandwa kwenye kina cha mita 4 huoza kidogo kuliko ile ya mashamba ya maji mafupi. Tutapanda kamba 30 kila upande, kwa mbegu zenye uzito sawa, na kuvuna kila baada ya siku 45 kwa vipindi 8, tukipima uzito, sehemu iliyooza na joto la maji. Bajeti ni shilingi milioni 38: boti na mafuta milioni 15, malipo ya wakulima na wasaidizi 12, kamba, mizani na vipimajoto 8, mikutano ya kurudisha matokeo 3. Kazi itachukua miezi 18: mitatu ya vibali na maandalizi, 12 ya shambani, mitatu ya uchambuzi na mikutano."

Vipindi 8 vya siku 45 ni siku 360, kwa hiyo miezi 12 ya shambani ina sababu. Ingekuwa sita, kuanzia Juni hadi Novemba, utafiti ungelikosa joto la kaskazi, yaani ungepima ugonjwa wakati haupo. Boti nayo inakula fedha nyingi kuliko chochote kwa sababu shamba la kina halifikiki kwa miguu maji yakipwa. Kama fungu hilo lisingekuwepo, mhakiki angejua mara moja kwamba mbinu iliandikwa na mtu mmoja na bajeti na mwingine.

Ndiyo maana nashauri sentensi ya lengo iandikwe kwanza, kisha bajeti isomwe fungu kwa fungu kando yake. Katika aya hii bado kuna pengo moja. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea, lakini jaketi okozi hazimo kwenye vifaa. Zikiongezwa, ama jumla ya milioni 38 ipande, ama fungu jingine lipunguzwe, na aya iseme ni lipi.