Kisii au Nyamira: Idadi Ipi Ikuamulie Pa Kufungua Duka?

Mtu akitafuta mpangaji wa duka mjini Kisii hukosi kumsikia akisema hapa pana watu zaidi ya milioni moja. Hadanganyi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Lakini hizo ni hesabu za kaunti nzima, pamoja na wakulima wa ndizi na majani chai walioko mbali na lami. Mji wenyewe wa Kisii ulipata watu 112,417, yaani hata mmoja kati ya kumi wa kaunti hakai mjini. Anayelipa gudwili kwa kuangalia ile milioni ananunua wateja ambao wengi wao hununua sukari na sabuni kwenye soko la kijijini kwao.

Kwa hiyo linganisha mji na mji, au kaunti na kaunti, usichanganye. Na hata mji na mji, tazama mpaka. Manispaa ni mstari uliochorwa kwa ajili ya utawala, na unaweza kumeza mashamba. Katika nchi ya Abagusii nyumba zimesongamana hadi vijijini: kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, Nyamira kama 675. Ukisogeza mpaka kidogo tu, mji "unakua" kwa maelfu bila mtu yeyote kuhama.

Kisha kuna watu ambao sensa haiwaweki mjini kamwe. Ile ya 2019 ilihesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 25. Mama anayeshuka kwenye matatu Daraja Mbili asubuhi kununua mboga za kuuza, au mgonjwa aliyetoka Nyamira, Ogembo au Kilgoris kuja hospitali ya rufaa, alihesabiwa kwao. Nairobi ina eneo la metropoli linalotambuliwa rasmi, likijumuisha Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kisii haina. Metropoli yake utaipata steji: soma vibao vya matatu uone vinataja wapi.

Hapo ndipo Kisii inapoishinda Nyamira kwa mbali zaidi ya takwimu, na ndiyo sababu kodi yake iko juu. Nguo, vipuri, simu: fungua Kisii, kwa kuwa mtu husafiri kuvifuata. Unga, dawa za mifugo, kinyozi: mteja hapandi gari kwa vitu hivyo, na Nyamira yenye kodi nafuu inakutosha. Omba takwimu za sensa za kata ndogo inayozunguka duka lako, si za kaunti.

Ukiipenda Keroka iliyo katikati, kumbuka mpaka wa kaunti hizi mbili unapita hapo, na zimevutana muda mrefu kuhusu ushuru. Kabla ya kutia sahihi mkataba, hakikisha mlango wa duka uko upande gani na leseni inatolewa na kaunti ipi.