Je, Wajua? Duka Moja, Faida Tatu

Je, wajua kwamba duka moja, kwa mwaka uleule, linaweza kuonyesha faida ya shilingi milioni 14, au 17,940,000, au 4,440,000, na hakuna mtu aliyeiba hata senti? Chukua duka la simu la Kariakoo, la kubuni, linalofunga hesabu tarehe 31 Desemba. Mwenye duka amejumlisha na kutoa kwenye daftari lake akapata milioni 14. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikabidhiwa daftari hilo kwenye chumba cha mtihani, kazi yake ni kulirekebisha kwa dhana tatu: malimbikizo, tahadhari na biashara endelevu.

Je, wajua kwamba tarehe uliyolipa haina kauli katika kukokotoa faida? Tarehe 1 Oktoba mwenye duka alimlipa mwenye nyumba kodi ya mwaka mzima, shilingi 12,000,000, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam. Akaziandika zote kuwa gharama za mwaka huu. Dhana ya malimbikizo haiulizi pesa zilitoka lini, inauliza chumba kilitumika lini. Hadi 31 Desemba kimetumika miezi mitatu, yaani 3,000,000. Zilizobaki, 9,000,000, ni za miezi tisa ya mwaka ujao, kwa hiyo zinaondolewa kwenye gharama na faida inapanda kwa kiasi hichohicho.

Je, wajua mahali maksi zinapopotea hapa? Ni kwenye mizania. Wengi wanaziweka zile milioni 9 upande wa madeni, kwa kuwa neno "kodi" linanukia deni. Jiulize nani anamdai nani. Mwenye nyumba ameshachukua pesa na bado hajatoa miezi tisa ya chumba, basi duka ndilo linalodai. Hiyo ni mali ya muda mfupi.

Je, wajua kwamba ankara isiyofika nayo huandikwa? Maji ya Desemba yametumika Desemba, ankara ya shilingi 60,000 ikaja katikati ya Januari. Ni gharama ya Desemba na ni deni kwenye mizania. Vitabu vingi vya darasani bado vinatoa mfano wa bili ya umeme, nami huwa najiuliza waandishi wake wanaishi mtaa gani. Duka lenye mita ya LUKU hulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa hiyo likiwa na chochote cha kurekebisha ni uniti zilizobaki kwenye mita, na hizo ni malipo ya awali kama ile kodi. Ila usihangaike nazo: uniti za shilingi elfu nane hazibadilishi uamuzi wa msomaji yeyote wa hesabu, na jambo dogo kiasi hicho uhasibu unaruhusu lipite.

Je, wajua kwamba hata Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inaigusa dhana hii? Mfanyabiashara binafsi anaweza kutumia msingi wa fedha taslimu au wa malimbikizo. Kampuni haina hiari hiyo, lazima itumie malimbikizo.

Je, wajua kwamba ipo taarifa moja ya fedha isiyoifuata dhana hii hata kidogo? Ni taarifa ya mtiririko wa fedha. Humo zile milioni 12 zinaonekana zote, kwa sababu zote zilitoka.

Sasa tahadhari, ambako swali la mtihani huficha miiba yake.

Je, wajua kwamba bidhaa zilizobaki hazipimwi kwa jumla? Duka lina simu 100, kila moja ilinunuliwa kwa shilingi 200,000. Simu 80 ni mpya na zitauzwa 260,000 kila moja. Simu 20 zililowa mvua ilipovuja paa. Zitauzwa 170,000, lakini kwanza fundi atalipwa 15,000 kwa kila simu na dalali 5,000. Kwa hiyo simu iliyolowa italiletea duka 150,000 tu. Kanuni, iliyomo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2, ni kuchukua kiasi kilicho kidogo kati ya gharama ya kununulia na kile kitakachopatikana baada ya kutoa gharama za kukamilisha na kuuza.

Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha kwanza. Gharama ya simu zote ni 20,000,000. Zitakazopatikana ni 20,800,000 kwa zile mpya na 3,000,000 kwa zilizolowa, jumla 23,800,000. Gharama ni ndogo, anaandika 20,000,000 na kugeuza karatasi. Amekosea. Faida ya simu mpya, ambayo haijapatikana, ameitumia kufunika hasara ya simu zilizolowa, ambayo ipo tayari mezani. Kila aina hupimwa peke yake: simu mpya zinabaki kwa gharama, 16,000,000, zilizolowa zinashushwa hadi 3,000,000. Jibu ni 19,000,000, na faida inapungua kwa 1,000,000.

Je, wajua kwamba mauzo hayafutwi kwa sababu mteja ameshindwa kulipa? Mwezi Novemba duka liliuzia kampuni moja simu za 4,000,000 kwa mkopo. Januari 12, kabla hesabu hazijasainiwa, kampuni hiyo ikafilisika na ikajulikana hakuna kitakachopatikana. Hapa dhana mbili zinavutana. Malimbikizo yanasema mauzo yalifanyika Novemba, yaandikwe Novemba. Tahadhari inasema usidai mali usiyoweza kuipata. Zote zinasikilizwa: mauzo yanabaki kama yalivyo, na 4,000,000 inaandikwa kuwa gharama ya deni baya. Anayefuta mauzo anapata faida ileile, lakini faida ghafi yake inakuwa ya uongo, na msahihishaji huanza kuangalia hapo.

Je, wajua kwamba ugomvi huu uliwahi kuamuliwa kwa maandishi? Mwaka 1971 Uingereza ilitoa tamko lake la pili la viwango vya uhasibu, likataja dhana nne za msingi: biashara endelevu, malimbikizo, kutobadili taratibu kila mwaka, na tahadhari. Likaongeza kwamba malimbikizo yakigongana na tahadhari, tahadhari ndiyo ishinde. Maelezo ya vitabu vingi vinavyosomwa katika vyuo vyetu yametoka huko.

Je, wajua kwamba baadaye tahadhari ilifukuzwa kabisa? Mwaka 2010 Bodi ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu iliitoa katika mfumo wake wa dhana, ikihofia kwamba inawapa wahasibu kisingizio cha kupendelea upande mmoja. Machi 2018 ikairudisha, ikiwa imebadilika: sasa ni uangalifu katika kukadiria mambo yasiyo na uhakika. Hairuhusu kuzidisha mali, wala hairuhusu kuzipunguza makusudi. Kwa maoni yangu hilo lilistahili. Mfanyabiashara anayetenga milioni 10 za madeni mabaya mwaka wa neema, akijua ni milioni 4 tu zitakazopotea, anaficha faida ili aitoe mwaka mbaya. Swali likisema "meneja ameamua kuwa mwangalifu zaidi", soma kwa makini, huenda ni mtego huo.

Hadi hapa, 14,000,000 ya mwenye duka imeongezwa 9,000,000 za kodi, ikapunguzwa 60,000 za maji, 1,000,000 za simu na 4,000,000 za deni baya. Tumefika 17,940,000. Faida ya tatu inatoka wapi?

Je, wajua kwamba hesabu zote tulizopiga zimesimama juu ya jambo ambalo hatukulitaja? Tumechukulia kwamba mwezi Machi duka litakuwa wazi. Hiyo ndiyo dhana ya biashara endelevu. Angalia makabati ya vioo. Yalitengenezwa kwa vipimo vya chumba hicho kwa 10,000,000, yatumike miaka mitano. Baada ya miaka miwili uchakavu umekula 4,000,000, thamani yake kitabuni ni 6,000,000. Ukiyatoa leo uyauze, mnunuzi atatoa 1,500,000. Hatuandiki 1,500,000 kwa sababu duka haliyauzi, linayatumia.

Sasa tuseme mwenye duka ameamua kufunga. Makabati yanashuka kwa 4,500,000. Ile mali ya 9,000,000, miezi tisa ya chumba, inakuwa sifuri kama mkataba hauruhusu kodi kurudishwa. Kwa mambo hayo mawili tu, kabla hata ya kuuza simu kwa bei ya kutupa na kuwalipa wafanyakazi haki zao, 17,940,000 imekuwa 4,440,000.

Je, wajua kwamba hasara peke yake haiondoi dhana hii? Kenya Airways ilikaa miaka kadhaa ikiwa na madeni makubwa kuliko mali zake, na bado iliandaa hesabu kama biashara endelevu, ikieleza mashaka yaliyopo. Hiyo ndiyo njia ya kati ambayo wanafunzi huisahau: mashaka yakiwa makubwa lakini biashara haijaamua kufunga wala haijakosa njia nyingine, thamani hazibadilishwi, ila mashaka huelezwa wazi. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa iliyokuwa na matawi Afrika Mashariki, ilifika mwisho wa njia hiyo. Mahakama ya Kenya iliiweka chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Je, wajua uongozi unatakiwa kutazama mbele umbali gani? Kwa viwango vya kimataifa, angalau miezi 12 kuanzia tarehe ya kufunga hesabu. Ni angalau. Mkopo mkubwa unaoiva mwezi wa 13 hauwezi kufumbiwa macho.

Na la mwisho. Je, wajua kwamba moto wa Januari unaweza kubadilisha hesabu za Desemba, au usizibadilishe? Kufilisika kwa yule mteja Januari kulithibitisha hali iliyokuwepo tayari Desemba, kwa hiyo tulirekebisha. Moto wa Januari 10 ukiunguza robo ya simu ni tukio jipya: hesabu za Desemba hazirekebishwi, unaelezwa tu kama ni mkubwa. Lakini ukiteketeza duka lote, bima hakuna, na mwenyewe akaamua hafungui tena, Kiwango namba 10 kinakataza hesabu za Desemba kuandaliwa kwa msingi wa biashara endelevu, ingawa siku ya kufunga hesabu duka lilikuwa zima. Kwa hiyo kwenye swali lenye tukio la Januari, usiandike rekebisho lolote kabla hujajua kama duka litafunguliwa tena.