Nusu ya Kina si Nusu ya Maji

Mito mingi ya Kitui, mashariki mwa Kenya, hutiririka siku chache tu baada ya mvua, kisha hubaki njia ya mchanga mtupu. Maji yapo, lakini yamejificha chini, na tangu zamani watu wameyafuata kwa kuchimba mashimo. Kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL likishirikiana na wanavijiji limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga huko: ukuta wa mawe na saruji unakatiza mto juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe zake, yamekingwa na jua na mbu.

Ukuta ukishakamilika, linabaki swali linalosumbua kamati nyingi za maji. Mto unaacha kutiririka mwishoni mwa Mei, na mvua za vuli hazina uhakika kabla ya Novemba. Je, maji yaliyomo mchangani yatafika huko, na kila siku yatekwe kiasi gani?

Tuchukue bwawa la mfano, lenye vipimo vinavyopatikana kwa kawaida Ukambani. Mchanga nyuma ya ukuta una kina cha mita 3, na uso wake una upana wa mita 25. Sakafu ya mto hapo hupanda nusu mita kwa kila mita 100, kwa hiyo mchanga unaisha mita 600 kutoka ukutani. Kina hicho hakikadiriwi kwa macho. Nondo ndefu hugongwa kwa nyundo mpaka iguse mwamba au udongo mgumu, mstari baada ya mstari kukata mto, kwa sababu chini ya uso uliosawazika huwa kuna mabonde na vilima vilivyofunikwa.

Bonde la mto huwa pana juu na jembamba chini, na mchanga huwa mwingi ukutani kisha hupungua kuelekea juu ya mto. Ndiyo maana huzidishwi tu kina, upana na urefu. Mafundi wa mabwawa haya huzidisha vyote vitatu kisha hugawanya kwa 6. Bwawa letu linapata mita za ujazo 7,500, na huo ni mchanga, bado si maji.

Sehemu ya maji inayoweza kutoka hupimwa kwa ndoo. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanga mkavu, mimina maji mpaka yafike usoni, kisha toboa kitako na upime kinachochuruzika. Mchanga wa wastani hutoa kama lita 5, yaani robo. Mchanga mnene hutoa zaidi, lakini uliochanganyika na tope huweza kutoa lita 1 tu, ingawa kwa macho umelowa vilevile. Chukua sampuli za vina mbalimbali. Ukuta uliojengwa mpaka juu kwa mkupuo mmoja mara nyingi huwa umenasa matabaka ya tope, na ndiyo sababu wajenzi wazoefu huupandisha kidogo kidogo kila msimu, ili tope lipite juu yake na mchanga ubaki.

Kwa mchanga wa robo, bwawa letu lina mita za ujazo 1,875 za maji. Kamati nyingi huishia hapo, hugawanya kwa siku za kiangazi, na kufikapo Septemba zinashangaa.

Tatizo ni umbo. Maji yakishuka sentimita 60 tu kutoka usoni, kina kinachobaki ni mita 2.4. Lakini upana wa maji nao umepungua kwa kiwango hicho hicho, na urefu pia. Kilichobaki ni mita za ujazo 960, karibu nusu ya yote. Yakifika nusu ya kina, mita 1.5, zimebaki 234 tu, yaani moja ya nane. Mto wenye sakafu bapa zaidi utakuwa na robo, lakini hata huo hauna nusu. Ni kama faneli: mdomoni kuna maji mengi, na kadiri unavyoshuka kila sentimita ina kidogo zaidi.

Tena tabaka hilo la juu ndilo jua linaloweza kulifikia. Chini ya sentimita 60 hivi mvuke hupungua hadi kuwa kidogo sana, lakini kabla ya hapo jua na watu wanagombania maji yale yale. Mpangaji mwangalifu huhesabu nusu ya tabaka hilo kuwa limepotea, na sehemu moja ya kumi ya maji yote kuwa yamevuja chini na pembeni mwa ukuta. Kwenye kingo zenye udongo wa kupitisha maji, kiasi fulani hurudi mtoni taratibu. Yakija ni nyongeza, wala yasitegemewe kabla ya kuonekana.

Yanabaki mita za ujazo 1,230. Juni mpaka Oktoba ni kama siku 150. Ongeza 30 za vuli kuchelewa, zifike 180. Kila siku ni lita 6,800 kidogo na zaidi, yaani mitungi 340 ya lita 20. Watu 300, kila mmoja mtungi wake, wanachukua 300. Mitungi 40 inayobaki inanywesha mbuzi 160 hivi, basi. Bustani ya robo eka kwenye jua la Agosti huhitaji karibu mitungi 250 kwa siku. Haiwezi kuingia katika hesabu hii, na ni afadhali mwenye bustani aelezwe hivyo mwezi wa Juni kuliko Septemba.

Pampu ya mkono kwenye kisima kilichochimbwa mahali penye kina kirefu hutoa kama mita moja ya ujazo kwa saa, kwa hiyo mgao wa siku huchukua saa saba hivi. Pampu ya petroli huweza kuumaliza ndani ya saa moja, na hapo hakuna foleni ya kumwonya mtu kwamba mgao umekwisha.

Kinachoonyesha mwenendo ni bomba la plastiki lililotobolewa matundu, lililosimamishwa mchangani mbali kidogo na kisima, na kamba yenye uzito wa kupimia kila wiki. Kwa mgao wetu, baada ya miezi miwili maji yanapaswa kuwa sentimita 60 chini ya uso. Baada ya minne, mita 1.1 hivi. Kisha miwili ya mwisho hushuka kwa kasi zaidi ya mara mbili ingawa watu wanateka kile kile, na ndipo wengi hudhani ukuta umepasuka. Kipimo cha kuaminika, basi, ni cha mwisho wa Julai. Kama maji yameshuka mita moja wakati huo, yamebaki karibu yale ambayo yangebaki mwishoni mwa Septemba, na mgao upunguzwe hapo hapo, ng'ombe wakihamishwa kwanza.

Tofautisha pia bomba na kisima. Kisima kikikauka mchana huku bomba likionyesha maji pale pale, bwawa halijaisha: ama pampu inavuta kuliko mchanga unavyoweza kuleta, ama matundu ya kisima yamezibwa na tope. Dawa yake ni kupumzisha au kusafisha kisima. Vikishuka vyote viwili pamoja, ni bwawa lenyewe linalokwisha.

Kabla ya vuli mdomo wa bomba uzibwe kwa kizibo, mafuriko yasilijaze tope. Hesabu mpya haianzii siku ya mafuriko ya kwanza, kwa kuwa mto ukitiririka mara tano msimu mmoja, bwawa hujazwa tena kila mara. Huanzia siku maji yanapoacha kupita juu ya ukuta, na tarehe hiyo huandikwa kwenye daftari la kamati pamoja na kipimo cha kwanza cha kamba.