Mkono Juu ya Kichwa: Kipimo Kisichopima Utayari wa Shule

Watu wazima wengi wa pwani ya Tanga wanakikumbuka kipimo cha kuanza shule: mtoto hupitisha mkono juu ya kichwa, na akiligusa sikio la upande wa pili huandikishwa. Asipoligusa, huambiwa asubiri mwakani. Zamani, tarehe za kuzaliwa zilipokuwa haziandikwi, kipimo hicho kilisaidia kukisia umri, kwa kuwa kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na mikono yake mifupi, na wengi huligusa sikio wafikiapo miaka 6 au 7. Hata hivyo, kinachopimwa hapo ni mifupa, wala si akili.

Madhara humwangukia mtoto aliyedumaa. Utafiti uliofanywa Tanga na Ghana, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto waliochelewa kuandikishwa walikuwa wafupi zaidi kwa umri wao kuliko walioanza kwa wakati. Yaelekea wazazi huutazama mwili na kusema, "Huyu bado mdogo."

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 7 mwenye kimo cha sentimita 109. Wastani wa umri huo ni karibu sentimita 122, na aliye chini ya takribani 111 huhesabiwa kuwa amedumaa. Kumweka nyumbani mwaka mzima hakutamrudishia kimo hicho, maana udumavu hujengeka zaidi kabla ya miaka 2. Atakachopoteza ni mwaka wa masomo. Kwa msichana hasara huongezeka, kwani hubalehe akiwa bado madarasa ya chini, wakati ambapo baadhi ya familia huanza kumwona mkubwa mno kwa shule.

Basi mhudumu wa afya aanze na kadi ya kliniki ili ajue umri halisi, kisha amchunguze mtoto mwenyewe. Ampe agizo lenye hatua mbili: "Chukua kikombe, mpelekee mama." Amuulize mzazi iwapo mtoto huenda chooni mwenyewe na iwapo hutulia akiachwa na mtu mwingine. Asimame nyuma yake umbali wa mkono mmoja, azibe sikio moja, anong'one maneno mepesi, na mtoto ayarudie. Kisha afanye vivyo hivyo kwa sikio la pili. Sikio litokalo usaha mara kwa mara, au degedege lililowahi kumpotezea fahamu kwa muda mrefu, ni sababu ya kupima usikivu na usemi kwa makini zaidi.

Lugha nayo hupotosha. Mtoto aliyelelewa kwa Kidigo au Kisambaa aweza kukaa kimya mbele ya Kiswahili cha kliniki. Agizo lirudiwe kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuandika kwamba haelewi.

Yule ambaye kweli hafuati agizo, au ambaye wasio wa nyumbani hawaelewi maneno yake akiwa na miaka 5, apewe rufaa ya uchunguzi mwaka huohuo, na mwalimu aelezwe tatizo lake. Hata huyu, kumwambia tu asubiri si tiba.