Pima Chupa Kabla na Baada

Maharage yaliyochemshwa, gramu 150 kwa mlaji mmoja, yana kalori zisizofika 200. Lakini yakishaungwa kwa mafuta na tui, hesabu hubadilika, kwa sababu mapishi yetu mengi hukadiriwa kwa macho.

Njia ninayoiamini ni mizani ndogo ya jikoni. Weka chupa ya mafuta juu yake kabla ya kupika, kisha ipime tena baada ya kumimina. Tuseme ilikuwa na gramu 940, sasa ina 870. Gramu 70 zimeingia sufuriani, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9. Jumla ni 630. Wakila watu 4, kila mmoja amepata zaidi ya 150 kutoka kwenye mafuta peke yake, hata kama sahani yake haionekani kung'aa.

Tui lina mtego wake. Ukilikamua mwenyewe, usihesabu vikombe, maana maji unayoongeza hayapunguzi mafuta ya nazi, yanayatawanya tu. Hesabu nazi. Nazi iliyokunwa yenye gramu 300 ina takribani gramu 100 za mafuta. Hata nusu ikibaki kwenye machicha, tui la kwanza na la pili kwa pamoja yameingiza kalori kama 450 katika sufuria ile ile, yaani zaidi ya 110 kwa kila mlaji. Tui la pakiti ni rahisi zaidi: soma lebo.

Kwa maandazi, pima mafuta ya karai yakiwa baridi, kabla ya kukaanga na baada ya kuyachuja. Yakipungua gramu 160 kwa maandazi 20, kila moja limechukua gramu 8 hivi, sawa na kalori 72 juu ya zile za unga na sukari. Kiasi kidogo hubaki kwenye chujio, kwa hiyo hicho ni kiwango cha juu. Sehemu kubwa ya mafuta hunyonywa andazi likishatolewa: mvuke wa ndani unapopoa, huyavuta yaliyoganda juu ya ganda. Ndiyo maana inafaa kuyachuja papo hapo, yakiwa bado moto sana.

Chai iliyotiwa sukari birikani haina kijiko cha kuhesabu. Hapo, na kwa asiye na mizani, andika tarehe kwenye pakiti unapoifungua. Kilo moja ya sukari ikiisha kwa siku 10 kwa watu 4, kila mmoja anapata gramu 25 kwa siku, kalori 100 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na linaona ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya hapo. Soda, juisi na maandazi huhesabiwa humo humo.

Fanya hivyo na lita ya mafuta pia. Ina zaidi ya kalori 8,000. Ikiisha kwa siku 10 kwa watu hao 4, kila mmoja amekula zaidi ya 200 kwa siku. Iwapo mafuta ya kukaangia hutupwa, yatoe kwanza kwenye hesabu.